Linaloisha Muda ni Punguzo, Si Fedha ya Mteja

(Maneno haya niliyasema mbele ya wenzangu wenye saloni, vyumba vya masaji na kliniki ndogo za ngozi hapa Dar es Salaam. Nimeyaandika yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Ndugu zangu, habari za mchana. Nawashukuru kwa kufunga milango yenu saa hizi za kazi ili tukae pamoja.

Naomba nianze na swali. Nani hapa anauza pakeji? Ile ya mara kumi, mteja analipa yote leo, halafu anakuja kidogo kidogo mpaka kadi ijae mihuri. Naona karibu mikono yote. Sasa swali la pili: nani kati yenu anaweza kuniambia, bila kwenda kuangalia popote, anadaiwa mara ngapi na wateja wake hivi leo? Sisemi fedha. Nasema mara. Masaji ngapi, feshio ngapi, leza ngapi zimeshalipiwa na bado hamjazifanya?

Mikono imeshuka. Hata wangu ulikuwa chini kwa miaka mingi. Ndiyo maana leo nataka tuzungumzie jambo hilo moja: fedha ya pakeji ni ya nani, inakuwa yako lini, na inarudi kwa mwenyewe kwa hesabu gani.

Niwaambie kilichonipata. Masaji yangu ya saa moja ilikuwa shilingi 40,000. Desemba moja nikatoa ofa: mara kumi kwa 320,000, maana yake kila mara inaangukia 32,000. Nikauza kadi 30. Pigeni hesabu nami: 30 mara 320,000 ni shilingi 9,600,000, ndani ya wiki tatu. Sikuwahi kuona fedha ya namna ile kwenye simu yangu. Mwenye nyumba alikuwa anadai kodi ya miezi sita, nikamlipa 4,200,000. Nikanunua kitanda kipya, nikabadilisha taulo, nikapaka rangi, zilizobaki zikaenda kwenye ada za watoto. Nilijiona nimepata faida ya mwaka.

Ikaja Januari. Mnaijua Januari yetu, ada na sare za shule, wateja wa fedha taslimu hupungua. Lakini wa kadi walikuja, tena kwa wingi, na walikuwa na haki yao. Kila mmoja aliyelala kitandani alinigharimu 16,000: 12,000 ya mfanyakazi aliyemhudumia, na 4,000 ya mafuta, kufua taulo, maji na umeme. Nilikuwa nadaiwa mara 300. Mara 300 kwa 16,000 ni 4,800,000, nusu kamili ya fedha niliyoipokea, na sikuwa nayo hata robo. Jioni nafunga hesabu, daftari linasema tumehudumia watu tisa, sanduku lina 80,000. Tisa wamehudumiwa, wawili tu wamelipa siku hiyo.

Na si fedha tu. Nilikuwa na vitanda viwili, kila kitanda watu sita kwa siku, siku sita kwa wiki. Hiyo ni nafasi 72. Mara 300 ni zaidi ya wiki nne za duka zima bila kupokea mtu mwingine yeyote. Na mteja wa kadi haji Jumanne asubuhi, anakuja Jumamosi. Jumamosi nina nafasi 12, kumi zinachukuliwa na kadi. Mteja wa 40,000 taslimu anapiga simu, namwambia nafasi zimejaa, anakwenda kwa jirani. Asirudi.

Kosa langu lilikuwa wapi? Ofa ilikuwa nzuri. Bei ilikuwa nzuri. Kosa langu ni kwamba nilipokea mkopo nikauita mapato. Fedha ya pakeji siku unayoipokea ni deni. Umekopeshwa na mteja wako, na utamlipa kwa mikono yako, mara kumi. Kila unapomhudumia, sehemu moja ya kumi inatoka kwenye deni na kuwa yako.

Kwa hiyo siku hizi nina akaunti mbili. Fedha ya kadi inaingia kwenye ile ya pili, 320,000 zote. Kila muhuri unapogongwa, 32,000 inahama kwenda kwenye akaunti ya matumizi, na humo ndimo ninamotoa 12,000 ya mfanyakazi. Nafanya mara moja kwa wiki, Ijumaa jioni: nahesabu mihuri ya wiki, nahamisha. Kisha naandika kwenye ubao ule mdogo wa jikoni namba moja tu: tunadaiwa mara ngapi. Kwangu nimejiwekea isizidi 140, ambayo ni karibu nusu ya vitanda vyangu kwa wiki nne. Ikifika hapo, siuzi kadi mpya hata mteja akinisihi. Namwambia subiri mwezi ujao.

Wenzangu mliosajiliwa kwenye VAT, hili linawabana zaidi, kwa sababu kodi haisubiri huduma. Ukishapokea malipo, kodi ya fedha yote imeshafika wakati wake, hata kama mteja hajalala kitandani. Kama bei yako ya 320,000 ina VAT ya asilimia 18 ndani yake, takriban 48,800 si yako wala si ya mteja, inakwenda TRA kwenye ritani ya mwezi unaofuata. Na risiti ya mashine inatolewa siku ya malipo, si siku ya muhuri wa kumi.

Jambo dogo ndani ya hilo: kamisheni. Desemba ile nilimpa kila mfanyakazi asilimia 10 ya kadi aliyoiuza, yaani 32,000 kwa kadi. Binti mmoja hodari aliuza kadi 11, akachukua 352,000, na Februari akaaga akaenda kufungua kwake. Sikumlaumu. Lakini kadi 11 zile zilihudumiwa na wenzake, na kila mara walipomwona mteja wa yule binti walikunja uso. Mteja anauona uso huo. Sasa nalipa kwa aliyefanya kazi, siku aliyoifanya, na kuuza kadi hakuna malipo yake. Mauzo yalipungua kidogo, nakiri. Malalamiko yalipungua zaidi.

Tusonge kwenye muda wa kadi kuisha. Hapa naomba mnisikilize kwa moyo, maana hapa ndipo tunapowaumiza watu bila kukusudia.

Alinijia dada mmoja na kadi ya sehemu nyingine. Alikuwa amelipia leza ya kuondoa nywele za miguu, mara kumi, na kwenye kadi imeandikwa mwisho wa matumizi ni miezi sita. Aliniuliza kama naweza kumsaidia kumalizia. Nikakaa naye tukahesabu. Leza inaua unywele ulio kwenye hatua ya kukua tu; uliolala hauguswi, lazima usubiri uamke. Ndiyo maana miguuni mtu hupangiwa wiki sita mpaka nane kati ya mara moja na nyingine. Tuchukue sita. Mara ya kwanza ni wiki ya sifuri, kisha wiki ya 6, ya 12, ya 18, ya 24. Miezi sita ni wiki 26. Mara tano! Kalipa kumi, na kwa utaratibu wa kazi yenyewe hata angekuja bila kukosa siku moja, angepata tano. Akiomba aharakishiwe, ngozi inachomwa bure na nywele zilizolala zinabaki pale pale.

Aliyeandika kadi ile alikuwa mwizi? Siamini. Nadhani alinakili miezi sita kutoka kadi ya mtu mwingine, kama sisi sote tulivyofanya. Lakini kumbukeni kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji, na kadi inayoahidi mara kumi zisizowezekana ni ahadi ya kupotosha, hata kama mwandishi wake hakuwa na nia mbaya.

Basi muda tuutoe wapi? Tuutoe kwenye huduma yenyewe. Hesabu nafasi zilizopo kati ya mara ya kwanza na ya mwisho, zidisha kwa wiki zinazotakiwa, kisha ongeza nusu yake kwa ajili ya maisha ya watu. Masaji yangu watu huja kila baada ya wiki mbili. Mara kumi zina nafasi tisa katikati, tisa kwa mbili ni wiki 18, nusu yake 9, jumla wiki 27. Nimeandika miezi saba. Kwa leza, mara kumi zingetoa wiki 81, zaidi ya mwaka na nusu, na mimi sitaki kudaiwa na mtu muda huo wote. Mashine inaweza kuharibika, mtaalamu anaweza kuhama. Basi leza usiuze kumi. Uza sita: nafasi tano kwa wiki sita ni 30, ongeza 15, wiki 45. Mnaona? Hesabu ya muda ndiyo inayokuambia uuze pakeji ya ukubwa gani.

Saa inaanza kuhesabu lini? Kwangu, siku ya muhuri wa kwanza, ila muhuri huo ugongwe ndani ya siku 60 tangu kulipa. Zikipita, saa inaanza yenyewe. Na saa inaweza kusimama. Mteja akipata ujauzito, namsimamishia mpaka ajifungue na awe tayari, kwa sababu leza na baadhi ya dawa za ngozi wataalamu huziahirisha wakati wa ujauzito. Nisimwadhibu kwa kadi ambayo mimi mwenyewe ninakataa kuitumia. Akifanyiwa upasuaji, nasimamisha. Na mwezi wa Ramadhani nasimamisha kadi zote bila kuombwa, za Waislamu na wasio Waislamu, siku 30 zinaongezwa. Wateja wangu wengi wamefunga, mchana hawaji, na jioni nafunga mapema. Kwa nini nimhesabie mtu siku ambazo mlango wangu wenyewe uko nusu?

Sasa siku ikifika na kadi haijajaa, nini kinatokea? Zamani nilikuwa naandika "ikiisha muda, haitumiki." Leo naandika hivi: ikiisha muda, bei inarudi kuwa ya mara moja moja. Nieleze. Mteja alipewa 32,000 badala ya 40,000 kwa sababu alikubali kuja mara kumi ndani ya miezi saba. Hakuja. Basi kinachokufa ni lile punguzo. Fedha yake haijafa. Kama alitumia mara nne, nahesabu nne kwa bei ya kawaida, 160,000. Kati ya 320,000 alizolipa, zimebaki 160,000, ambazo ni masaji nne za bei kamili, na nampa mwaka mzima kuzitumia. Alikuwa na sita, sasa ana nne. Amepoteza kitu, lakini anakijua, na nilimweleza siku ya kwanza.

Nawaomba msichoke kutuma ujumbe. Siku 60 kabla na siku 14 kabla: "Mama, umebakiwa na mara tatu, muda unaisha tarehe fulani." Ninajua wapo wanaotegemea watu wasahau, na wameingiza usahaulifu kwenye faida yao. Mimi nasema hiyo si biashara ya kumshika mtu mwili.

Sasa kurudisha fedha. Hapa ndipo tunapogombana na watu mlangoni.

Kadi zangu za mwanzo zilikuwa na maandishi chini kabisa: "Fedha ikishalipwa hairudishwi." Siku moja alikuja mama mmoja wa makamo, mume wake amehamishiwa kazi Mwanza. Alikuwa ametumia nne. Nikamwonyesha maandishi yale. Hakupandisha sauti. Aliiweka kadi juu ya meza, akaweka kidole kwenye visanduku sita vyeupe, akaniambia: "Mwanangu, hizi sita ambazo hujanifanyia, unazichukua kwa kazi gani?" Nilitafuta jibu. Nawaapia, sikulipata.

Nikakubali kurudisha. Lakini kiasi gani? Hapo kuna hesabu mbili, na zote zina mantiki. Ya kwanza: mara sita kwa 32,000 ni 192,000. Ya pili: nne alizotumia zihesabiwe kwa bei ya kawaida ya 40,000, ni 160,000, arudishiwe 160,000. Tofauti ni 32,000. Nilimpa 192,000, na sababu yangu ni hii: sikuwa nimeandika popote kwamba mara zilizotumika zitahesabiwa kwa bei kamili. Usichokiandika kabla, usimkate mteja baadaye.

Tangu siku ile nimeandika zote mbili, kwa sababu swali la kweli ni hili: nani amevunja ahadi? Mteja akiacha kwa hiari yake, amebadili mawazo, amehama, amepata sehemu nyingine, natumia hesabu ya pili. Punguzo lilikuwa la mtu wa mara kumi, naye amekuwa mtu wa mara nne. Mimi nikishindwa, mtaalamu ameondoka, mashine imekufa, nimehamisha duka mbali, au daktari amesema asiendelee na huduma hii, natumia hesabu ya kwanza, 32,000 kwa kila kisanduku cheupe. Na kama hajagusa hata mara moja, ndani ya siku saba anachukua 320,000 zote na simwulizi sababu.

Angalieni hesabu ya pili inakwenda wapi mteja anapokaribia mwisho. Ametumia saba, 280,000, anarudishiwa 40,000. Ametumia nane, 320,000, hakuna cha kurudisha. Hilo lazima alisikie siku ya kununua, kwa mdomo wako: "Ukifika mara ya nane, mbili zako bado zipo, ila fedha haipo tena." Na hapo ndipo kanuni yangu inapobana, maana kadi ikiisha muda mtu akiwa na muhuri wa nane au wa tisa, kwa hesabu hiyo hana kitu. Nimeona si sawa. Mtu huyo karibu ametimiza ahadi yake. Yeye namwongezea siku 30 na nampigia simu mwenyewe.

Halafu, wapendwa, acheni neno "bure". "Lipia nane, pata mbili bure." Nililitumia. Mteja akaja kudai fedha yake baada ya mara mbili, akaniambia: "Hizo mbili nilizofanya ndizo zile za bure. Nane zangu ziko palepale, nipe 320,000." Na maneno ya bango langu yalikuwa yanamuunga mkono! Hayakusema za bure ni za mwisho. Andika bei tu: mara moja 40,000, mara kumi 320,000. Na bei zote mbili ziandikwe kwenye kadi yenyewe, maana mwakani ukipandisha mpaka 45,000, mtu wa kadi ya mwaka huu anahesabiwa kwa 40,000 aliyoikuta.

Mihuri nayo inagombanisha. Wewe unasema tano, yeye anasema tatu. Kwetu kadi inagongwa mteja akiwa anaona, na kwenye daftari anaweka saini yake kando ya tarehe. Kadi ikipotea, daftari linasema. Yeye hana haja ya kubishana, mimi sina haja ya kumshuku.

Kulikuwa na mkono pale nyuma tangu mwanzo. Dada umeuliza: ukifunga duka, au ukiliuza, kadi zinakwendaje? Swali lako ni zito, na mimi nimelipitia kama mnunuzi. Chumba cha pili ninachoendesha sasa nilikinunua kwa mtu, na kabla ya kukubaliana bei nilimwomba daftari la kadi. Tulikaa siku nzima sakafuni tukihesabu visanduku vyeupe. Vilikuwa 87. Tukakubaliana 32,000 kila kimoja, kwa sababu pakeji yake ilikuwa na bei kama yangu, ikawa 2,784,000, na kiasi hicho tukakitoa kwenye bei ya duka. Yeye alikuwa ameshaipokea fedha ile, mimi ndiye nitakayefanya kazi. Kisha tukawatumia wale wateja wote ujumbe mmoja, wenye majina yetu wawili: kadi yako ni nzima, na kama hutaki mikono mipya, njoo uchukue fedha yako kwa kila kisanduku cheupe. Walikuja wanne. Wengine waliendelea.

Na kama hakuna mnunuzi, unafunga tu, basi ile akaunti ya pili niliyowaambia ndiyo utakayoifungua. Kama uliihamisha kila Ijumaa bila kudokoa, fedha itakayokuwemo italingana na visanduku vyeupe, kimoja kimoja. Mimi yangu niliikagua jana usiku kabla ya kuja kuzungumza nanyi. Ubao wa jikoni unasema 112. Kwenye akaunti kuna 3,584,000.

Karibuni maswali mengine.